Kabla Bi Hakiki Hajabonyeza

Karakana yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, na mtu aliyepanda ngazi zake alivisikia vyerehani kabla hajaviona. Ukiingia unakutana na meza ndefu ya kukatia vitambaa, kisha safu ya mashine, kisha sanamu ya nguo isiyo na kichwa imesimama mbele ya kioo kikubwa cha kupimia. Mwisho kabisa, nyuma ya pazia la kitambaa cha bitana, palikuwa na meza ndogo, kompyuta moja, na mwanamke wa makamo aliyeshusha miwani mpaka ncha ya pua.

Mwanamke huyo walimwita Bi Hakiki. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, lakini lilikwisha kufa kifo cha kawaida, mazishi bila matangazo. Miaka mingi alikuwa mtu wa vifungo na matundu ya vifungo. Shati halikutoka mlangoni bila kupita mkononi mwake, akavuta kila kifungo kana kwamba anamng'oa mtoto jino. Macho yalipoanza kumkimbia na tundu la sindano likawa hadithi, alimwendea Mwenyekiti wa kikundi chao cha mafundi kumuaga. Mwenyekiti akamtazama, akasema, "Unakwenda wapi na mikono hiyo? Kompyuta haina tundu la sindano. Kaa hapo."

Akakaa. Shule yake ilikuwa ya msingi tu, na akaimaliza kwa shida, lakini Mungu alikuwa amempa subira ya punda na aibu ya mtu mwema. Kazi yake mpya ilikuwa kupandisha mtandaoni video za ushonaji za kikundi. Ya kwanza aliipandisha na jina la faili badala ya kichwa, "Video mpya mbili". Hakuna aliyeitazama zaidi ya wao wenyewe na ndugu wachache waliolazimishwa. Ya pili hakuchagua picha ya jalada, mtandao ukajichagulia wenyewe, ukamtoa Mwenyekiti akiwa anang'ata uzi, mdomo wazi, macho yamegeuka, kama mtu anayemla jirani yake. Ya tatu alibandika linki aliyokuwa ameinakili asubuhi kwa shughuli nyingine, na kila aliyetaka gauni alijikuta kwenye ukurasa wa muuza matairi.

"Mimi gauni la mpira sipigi pasi," alisema Mzee Pasi, mpiga pasi wao, na karakana nzima ikacheka mpaka mashine zikasimama.

Bi Hakiki alicheka nao, akaenda nyumbani, akalia kidogo, akasali. Kesho yake alichukua kipande cha boksi la mashati akaandika maneno sita kwa kalamu ya wino mzito: kichwa, maelezo, tagi, jalada, lugha, linki. Akakibandika juu ya kioo cha kompyuta. Tangu hapo hakuna video iliyotoka bila yeye kuyapitia yote sita, huku kidole chake cha shahada kikiwa kimefichwa ndani ya kiganja kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari. Wenzake walimtania, lakini watu walianza kuziona video. Wanawake wa miji wasiyoijua walianza kupiga simu kuuliza bei ya kola na mikono iliyofura mabegani.

Basi, siku ninayotaka kuisimulia ilianza vizuri. Kulikuwa na video mpya, fupi na safi, ya kudarizi shingo ya gauni kwa mkono. Msimamizi wa hoteli moja kubwa alikuwa ameomba kuiona. Alitaka wafanyakazi wake wa mapokezi washonewe sare zenye shingo ya namna ile, na mchana huo, baada ya chakula, angekuwa na kikao na mabosi wake. Mwenyekiti hakuwa amelala vizuri kwa furaha.

"Bi Hakiki," alisema akiingia nyuma ya pazia, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni, "leo nimekupunguzia kazi. Kila kitu nimejaza mwenyewe. Kichwa, maelezo, jalada, vyote. Wewe bonyeza tu."

"Ahsante, Mwenyekiti. Mungu akuzidishie. Nipitie mara moja tu."

"Mara moja yako naijua. Mtu anaweza kuposa, akaoa, akapata mjukuu."

Bi Hakiki akatabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. Mikono iliyokuwa kwenye video ile ilikuwa ya mtoto wa marehemu dada yake.

Binti huyo alikuwa amefika mlangoni kwake miezi michache nyuma, alfajiri, ana mkoba mmoja na jicho moja limevimba mpaka limefunga. Hakusema mengi. Alisema mume wake, akasema basi, akasema hatorudi. Kisha akamshika huyu mama yake mdogo mikono yote miwili. "Mama mdogo, usimwambie mtu. Watu wakijua watasema, na maneno yana miguu." Bi Hakiki akaahidi. Kwa Mwenyekiti alisema tu kwamba ni mwanawe, mtoto wa dada, sindano anaijua, anatafuta pa kukaa. Karakana wakampokea, wakamwita Kimya kwa sababu ya tabia yake, wakamtania kama walivyowatania wengine. Bi Hakiki aliomba jambo moja tu: kwenye video ionekane mikono, uso hapana. Wakadhani ni haya.

Na juzi yake simu ilikuwa imelia.

"Shikamoo mama," ilisema sauti tamu ya yule mume.

"Marahaba."

"Mwenzangu hayupo huko?"

Bi Hakiki hakuwa amesema uongo tangu utoto wake, na hakutaka kuanza uzeeni. Alishika simu kwa mikono miwili. "Mwanangu," alisema, "nikuombee?"

"Uniombee nini?"

"Upole."

Yule bwana akacheka. "Omba, mama. Mimi nitamwona tu. Siku hizi hakuna mtu asiyeonekana. Simu ninayo na macho ninayo. Kila siku natafuta."

Maneno hayo yalikuwa bado yamemkaa kifuani kama mfupa wa samaki alipovuta kiti mbele ya kompyuta. Yale maneno sita ya kwenye boksi aliyaandika ili watu wawapate kwa urahisi. Leo alitakiwa kuyapitia ili mtu mmoja asimpate mtu mmoja. Na hoteli nayo ilitakiwa ione. Akavuta pumzi, akasema bismillah yake kimoyomoyo, akasoma kichwa.

Mwenyekiti alikuwa ameandika: "Jicho la Njiwa".

Jicho la Njiwa lilikuwa jina la mshono wenyewe. Marehemu dada yake ndiye aliyeubuni, akamfundisha bintiye, na hakuna mwingine aliyeujua kwa jina hilo isipokuwa ukoo na yule mume, aliyekuwa akivitembeza vitambaa vya mkewe sokoni akinadi: Jicho la Njiwa, Jicho la Njiwa! Binti alikuwa amelitaja siku moja kwa kuteleza, akiwa na furaha ya kazi, na Mwenyekiti akalidaka. Mtu mwenye simu na macho, anayetafuta kila siku, angeanza na neno gani kama si hilo?

"Mwenyekiti," aliita kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, "hiki kichwa tukibadilishe."

"Kwa nini? Kitamu hicho. Kina ushairi."

"Kitamu, lakini nani analijua? Mtu anayetaka kujifunza haandiki Jicho la Njiwa, ataletewa ndege. Ataandika anachokitaka: jinsi ya kudarizi shingo ya gauni. Tumpe hicho hicho."

Lilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana lilimtoka kwa urahisi. Mwenyekiti akafikiri, akinyonya meno. "Haya. Lakini roho yangu imeuma."

Bi Hakiki akafuta, akaandika upya: Jinsi ya Kudarizi Shingo ya Gauni kwa Mkono, Hatua kwa Hatua. Maneno yanayotafutwa aliyaweka mbele, maana kwenye simu ndogo kichwa kirefu hukatwa mkia.

Akashuka kwenye maelezo. Mistari miwili ya kwanza ndiyo mtu huiona kabla hajagusa pa kusoma zaidi, na Mwenyekiti alikuwa ameitumia hivi: "Tunaye fundi wetu mpya, binti aliyekuja kwetu kimya kimya na kipaji cha ajabu alichorithi kwa marehemu mama yake."

Masikini Mwenyekiti. Alikuwa ameandika kwa upendo. Bi Hakiki alihisi machozi na hofu vimekaa kiti kimoja. Akafuta, akaandika kwamba video inaonyesha kuchora, kutunga uzi na kudarizi shingo, na kwamba kikundi kinapokea oda za sare.

"Na fundi wangu umemtupa wapi?" Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yake, hakumsikia akirudi.

"Mistari ya mwanzo ni ya mteja, Mwenyekiti. Hoteli inataka kujua kama tunapokea oda."

"Utamsifia chini basi."

"Kazi itamsifia. Si wanasema kizuri chajiuza?"

"Na mficha uchi hazai. Bi Hakiki, leo una nini? Umekuwa kama mtu aliyekalia sindano."

Akaondoka akiguna. Saa ya ukutani, iliyokuwa na uso wa kiwanda fulani cha uzi, ilikuwa imeanza kukaribia chakula cha mchana. Bi Hakiki akaenda kwenye tagi. Zilikuwa maneno mafupi yaliyotenganishwa kwa mikato: kudarizi, gauni, sare, sare za hoteli, na katikati yao, limejificha kama tawi la mwiba kwenye mboga, jicho la njiwa. Akalitoa. Alijua mtandao haupi tagi uzito mkubwa kama kichwa na jalada, lakini moshi mdogo nao huonyesha palipo na moto.

Akaipitia lugha, akakuta imeandikwa Kiingereza. Akaunti ilifunguliwa hivyo tangu zamani na kila video mpya ilizaliwa na kosa hilo hilo. Akaigeuza kuwa Kiswahili, ili mtandao ujue video inasemwa kwa lugha gani na uipeleke kwa nani. Hapo tu ndipo alipopumua. Laiti makosa yote yangekuwa mepesi hivyo, Bwana, alisema moyoni.

Kisha akalifungua jalada.

Lilikuwa picha nzuri kupita zote walizowahi kupiga. Gauni la rangi ya samli juu ya sanamu, shingo imedariziwa kwa uzi wa kijani, mwanga wa dirisha umeiangukia kama baraka. Ikiwa ndogo pembeni mwa kioo cha kompyuta haikuwa na dosari. Lakini Bi Hakiki hakuamini picha ndogo. Akaibonyeza ikajaa kompyuta nzima, akasogeza miwani, akapita juu, kati, chini, kama alivyokuwa akipita mstari wa vifungo.

Nyuma ya sanamu kulikuwa na kile kioo kikubwa cha kupimia. Na ndani ya kioo, pembeni, amekaa na fremu ya kudarizia mapajani, ameinua uso kumwangalia aliyekuwa akipiga picha, alikuwemo mwanawe. Uso mzima. Hata kovu dogo la juu ya nyusi.

Aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta kabla hajajua anafanya nini.

"Umepofuka au unaapa?" Mzee Pasi alikuwa amechungulia pazia, pasi yake ya mvuke ikipumua mkononi. "Mwenyekiti ananituma. Anasema kama hujui kubonyeza, mimi nina kidole kikubwa."

"Mzee wangu, nisaidie. Nataka picha nyingine ya jalada. Sasa hivi."

"Ile ya sanamu ina nini? Mimi mwenyewe nimetaka kuioa."

"Maneno hayasomeki. Yamewekwa kona ya chini kulia, na pale ndipo mtandao unapobandika urefu wa video. Yamefunikwa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mzee Pasi akalitazama, akatikisa kichwa. "Hoteli itasoma 'Kudarizi shi'. Aibu." Akaweka pasi chini. Wakalilaza gauni kwenye meza ya kukatia, Mzee akalinyoosha mikunjo, Bi Hakiki akapanda juu ya kiti akapiga picha kutoka juu: kitambaa, shingo, uzi, mkasi, na meza. Hapakuwa na kioo wala dirisha. Alipoirudisha kwenye kompyuta aliipekua mpaka vyuma vya mkasi, asije mtu akawa amejificha kwenye mng'aro wake. Akaandika maneno matatu makubwa upande wa juu kushoto. Picha haikuwa nzuri kama ya kwanza. Ilikuwa picha ya kazi.

"Bi Hakiki!" Sauti ya Mwenyekiti ilitoka huko kwenye safu ya mashine. "Msimamizi amenipigia! Anasema ameingia kwenye chakula, akitoka anataka linki!"

"Nimebakiza moja!"

"Umebakiza moja tangu asubuhi!"

Ile moja ilikuwa linki. Kwenye maelezo Mwenyekiti alikuwa ameweka mbili: moja ya ukurasa wao wa oda, na nyingine mpya, iliyoandikwa "Tazama picha za kazi zetu zote". Bi Hakiki akaibonyeza ya kwanza. Ikafunguka ukurasa wao. Akaibonyeza ya pili, likafunguka folda la picha, magauni mstari juu ya mstari. Yalikuwa yao. Matairi hayakuwemo. Kidole cha shahada kikaanza kutoka mafichoni.

Kikasita. Kompyuta ile ilikuwa imeingia kwa akaunti ya kikundi. Mwenye nyumba hajui mlango wake unavyomfungukia mgeni, maana yeye ana ufunguo. Kanuni yake ilikuwa kujaribu linki kwa simu ya mtu mwingine, na asubuhi hiyo, kwa wasiwasi aliokuwa nao, alikuwa karibu aisahau.

"Mzee Pasi, niazime simu yako."

"Chukua, lakini meseji usisome. Hata mke wangu nimemkataza, na yeye ndiye anayezituma."

Akamtumia linki ile kwenye simu, akaigusa. Folda likafunguka kwa Mzee Pasi kama lingefunguka kwa kiumbe yeyote duniani mwenye linki hiyo. Akateremsha kidole. Magauni. Sare za shule. Shela ya bibi harusi. Magauni. Akaendelea kuteremsha, akavuka pale ambapo kwenye kompyuta alikuwa ameishia, na nguo zikakoma, zikaanza sahani.

Zilikuwa picha za siku waliyokula pamoja kusherehekea mashine mpya. Hakuna aliyefikiri. Karakana ilikuwa na folda moja tu, kila picha iliyopigwa ilitupwa humo, gauni na wali pamoja. Na katikati ya sahani alikuwepo mwanawe, karibu na dirisha, anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu afike. Nyuma yake, kupitia dirishani, bango la duka la ng'ambo ya barabara lilisomeka wazi, jina la duka, mtaa, na namba ya simu.

Uso na anwani, kwenye picha moja.

Akakaa, simu ya Mzee bado mkononi. Mzee Pasi akaacha utani. "Dada yangu, unaumwa?"

Pazia likavutwa. Mwenyekiti aliingia na simu yake mkononi, uso umekunjamana kama kitani. "Basi. Nimevumilia vya kutosha. Toka hapo nibonyeze."

"Siwezi kukuachia, Mwenyekiti."

"Huwezi? Kiti hicho amekupa nani?"

"Wewe."

"Watu humu ndani wanaisubiri kazi hii kama mvua. Umenibadilishia kichwa nikanyamaza. Umefuta maneno yangu nikanyamaza. Umetupa picha yangu nzuri, nikajisemea ndiye Hakiki huyu, tumezoea. Sasa linki nayo ina nini? Imefunguka au haijafunguka?"

"Imefunguka. Ndiyo tatizo."

"Unanichezea akili? Unaficha nini?"

Bi Hakiki akafungua mdomo. Akakumbuka ahadi aliyoitoa alfajiri ile. Angeweza kusema folda limechafuka na picha za sahani, na lingekuwa kweli, kama vile kweli zote alizozisema tangu asubuhi. Lakini alikuwa amechoka kujificha nyuma ya kweli ndogo ndogo. "Siri si yangu," alisema, na sauti ikamkatika. "Naomba uniamini tu, mwenzangu. Ukibonyeza sasa hivi, kuna mtu atadhurika. Nakuapia kwa Mungu ninayemwabudu."

Mwenyekiti alisita. Hakuwahi kumsikia mwanamke yule akiapa.

"Ni mimi," ilisema sauti nyuma yao.

Kimya alikuwa ameshika ukingo wa pazia, uzi wa kijani bado umezunguka kidole chake. Vyerehani huko nje viliendelea. Hakusogea karibu. "Mama mdogo amenifichia. Nimemkimbia mume wangu, Mwenyekiti. Alinipiga mpaka nikapoteza mimba. Ananitafuta. Jina la mshono analijua. Sura yangu anaijua. Nisameheni, sikutaka kuwaletea balaa."

Mzee Pasi akageuka akaitazama pasi yake, akajifanya anaichomoa kwenye umeme, ingawa haikuwa imechomekwa.

Mwenyekiti alichukua ile simu mkononi mwa Bi Hakiki, akaitazama picha ya chakula kwa muda mrefu. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika. "Picha hii nimeipiga mimi," alisema. "Na ile ya kwenye kioo nayo mimi." Akakaa juu ya furushi la vitambaa. "Folda hili linki yake nimeitengeneza asubuhi hii. Sijampa mtu. Niulizeni nyie, nimempa mtu? Sijampa."

"Hata hotelini?" Bi Hakiki aliuliza.

"Nilikuwa nasubiri ubonyeze. Ukorofi wako huo." Akapangusa pua kwa ncha ya tepu. "Tunafanyaje? Niambie, mimi nitafuata."

Wakafanya. Bi Hakiki alilifunga kwanza folda la zamani, asiwe na uwezo wa kulifungua yeyote asiyealikwa kwa jina. Akaigusa tena linki kwenye simu ya Mzee Pasi, ikakataa, ikasema huna ruhusa. "Mara ya kwanza nakataliwa nikafurahi," alisema Mzee. Kisha Bi Hakiki akafungua folda jipya, na wao wanne wakachagua picha moja moja, Mwenyekiti akisoma kila kona kwa sauti kama anayesoma mtihani: ukuta, meza, mkono wa Mzee, hii hapana ina dirisha, hii ndiyo. Linki mpya ikaingia kwenye maelezo. Ikajaribiwa kwa simu ya Mzee, ikafunguka, wakateremka mpaka picha ya mwisho kabisa.

Simu ya Mwenyekiti ikaanza kuita. Msimamizi wa hoteli. Mwenyekiti akaitazama ikiita, akaiweka kifudifudi mezani.

"Akitaka asubiri, asipotaka basi," alisema. "Binti, nisikilize. Video yenyewe ina mikono yako mwanzo mpaka mwisho. Ukisema isitoke, haitoki. Nitampelekea msimamizi gauni lenyewe mkononi, kwa miguu yangu hii. Ukisema tuifiche, aione mwenye linki tu, tutaificha, ingawa linki nayo hutembea. Sema wewe."

Bi Hakiki alitaka kumsemea. Alitaka kusema isitoke, arudi nyumbani, afunge mlango, akae naye mpaka Kiyama. Akajiuma ulimi.

Kimya akaja mpaka kwenye kompyuta. Video ilikuwa imesimama mahali ambapo vidole viwili vinavuta uzi kupita kitambaani, na kucha fupi, na kialama cheupe palipokuwa na pete. Akaitazama kama mtu anayemtazama mtu.

"Nimeiona yote mara tatu na sauti yangu haimo," alisema. "Uso haumo. Jina mmelitoa." Akagusa kidole kilichokuwa na pete. "Miaka saba, mama mdogo. Ameviuza vitambaa vyangu miaka saba. Hii mikono hajawahi kuitazama hata siku moja. Hawezi kuijua."

Bi Hakiki alimtazama usoni, akatafuta kama ni ushujaa wa kuigiza au wa kweli. Akaona hofu, na juu ya hofu kitu kingine ambacho hakuwa amekiona tangu alfajiri ile.

"Una hakika, mwanangu?"

"Sina. Lakini nataka watu wajifunze mshono wa mama."

Bi Hakiki akainuka kwenye kiti. Hakuwahi kumwachia mtu kiti kile wakati wa kubonyeza. Akamkalisha binti, akasimama nyuma yake, akamsomea yote sita kwa sauti, taratibu, na kila neno binti aliangalia mwenyewe na kuitikia. Kichwa. Maelezo. Tagi. Jalada. Lugha. Linki. Katikati ya kila neno na linalofuata Mwenyekiti alisikika akimeza mate.

Kisha Kimya akabonyeza chapisha.

Kiduara kikazunguka. Kioo kikasema video imechapishwa. Hakuna aliyepiga makofi. Bi Hakiki alikuwa amefumba macho, midomo yake ikienda.

Mwenyekiti akageuza simu yake, akampelekea msimamizi linki, akaingiza simu kwenye mfuko wa aproni. Akalivuta pazia, akatoka mpaka kwenye mlango wa ngazi, ule mlango uliokuwa siku zote wazi kwa sababu ya joto. Akaufunga. Akavuta kiti chake cha mashine, na mashine yenyewe ikaburuzwa na Mzee Pasi kwa kishindo, Mwenyekiti akakaa mgongo ukutani na uso mlangoni.

"Kuanzia leo," aliwaambia mafundi waliokuwa wamesimamisha kazi kumshangaa, "anayepanda ngazi hizi anabisha hodi, na hodi naitikia mimi. Msiniulize kwa nini. Shoneni."

Vyerehani vikaanza tena, kimoja, kingine, kisha vyote.